Kuweka maneno ya mzee wa Mji wa Kale ndani ya makala ya Kiingereza: mwongozo wa nukuu zilizotafsiriwa

Kila msimu wa kuwasilisha tasnifu ukikaribia, maswali ni yaleyale. Mwanafunzi amehoji wazee wa Mombasa, Mji wa Kale, Likoni au Kisauni, sauti zimejaa kwenye simu yake, na makala inatakiwa kwa Kiingereza. Anauliza: niweke Kiswahili, Kiingereza, au vyote viwili? Alama za kunukuu naruhusiwa kuzitia kwenye Kiingereza ambacho mzee hakukisema? Na neno kama heshima nilifanyeje?

Nimeamua kuandika jibu moja refu. Nitafuata nukuu moja tu ya mahojiano tangu ikiwa sauti hadi inapotua kwenye ukurasa, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokwama. Vyanzo vya maandishi nitavigusa baadaye, maana vina mambo yao mawili matatu.

Hii ndiyo nukuu tutakayoishughulikia. Nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya mwongozo huu, si maneno ya mtu yeyote, lakini kila kilichomo utakutana nacho ukikaa barazani na mzee wa Mvita.

```
Sisi hapa Mji wa Kale tulikuwa tukimjua muungwana kwa mwendo wake.
Ndugu ya mtu akirudi safari saa mbili usiku, mlango hufunguliwa,
hulishwa, haulizwi kitu mpaka asubuhi. Hiyo ndiyo heshima,
si kilemba kitwani.
```

Uwe na nini kabla ya kuanza

Kwanza, sauti yenyewe, si kumbukumbu yako ya sauti. Andika dakika na sekunde ambapo maneno yanaanza, kwa sababu utarudi hapo mara nyingi kuliko unavyodhani. Pili, jua mtindo wa kunukuu ambao idara yako inautaka: APA, MLA au Chicago. Mitindo hii inapingana katika jambo hilihili la tafsiri, kwa hiyo usianze kabla hujajua. Tatu, tafuta mtu mmoja aliyelelewa kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, ambaye yuko tayari kukusomea. Kamusi ya Kiswahili sanifu utaihitaji, lakini haitakwambia mzee alikusudia nini kwa neno mwendo. Nne, daftari la maamuzi: karatasi moja yenye safu tatu, neno la Kiswahili, ulivyolitafsiri, na sababu. Daftari hili litakuokoa siku msimamizi atakapouliza kwa nini ukurasa wa 14 umesema hivi na ukurasa wa 60 umesema vile.

Hatua ya 1: Andika sauti kama ilivyo, kabla ya kutafsiri chochote

Usitafsiri moja kwa moja kutoka kwenye simu. Najua inavutia, inaonekana kuokoa muda. Lakini ukifanya hivyo hutakuwa na maneno asilia ya kuonyesha, na mtahini akiyataka utalazimika kutafsiri Kiingereza chako kurudi Kiswahili, yaani utamtungia mzee maneno.

Andika alichosema. Amesema kitwani, andika kitwani. Usigeuze kuwa kichwani. Kimvita kina t mahali pengi ambapo sanifu ina ch: kitwa, mato, mtele, nti, mtanga. Hizo si hitilafu za mzee, ni lugha yake, na huenda msomaji mwingine akaihitaji nukuu yako kwa sababu ya lahaja peke yake.

Hapa lipo kosa ambalo linaniuma kila nikiliona: mwandishi anaacha kitwani, kisha anatia `[sic]` mbele yake. Alama hiyo humwambia msomaji kwamba kuna kosa kwenye chanzo na kwamba mwandishi ameliona. Kwenye neno la lahaja ina maana kwamba umemhesabia mzee kosa kwa kusema Kimvita nyumbani kwake Mombasa. Badala yake, andika sentensi moja kwenye sehemu ya mbinu kueleza kwamba maneno ya wahojiwa yameandikwa kwa lahaja waliyoitumia. Inatosha kwa tasnifu nzima.

Akinyamaza kidogo katikati ya maneno, andika vidoti vitatu vitupu. Ukiondoa maneno yake wewe, tia vidoti ndani ya mabano ya mraba, `[...]`. Ukiichanganya alama hiyo na ya kunyamaza, msomaji hatajua mzee alipumua au wewe ulikata.

Hatua ya 2: Zungushia duara maneno yatakayokulazimisha kuchagua

Chapisha nukuu, chukua kalamu. Katika mistari hii minne nimezungushia sita, na kila moja lina mtego wake.

*Saa mbili usiku.* Huu ndio mtego mwepesi na ndio unaonasa watu wengi zaidi. Kwa Kiingereza ni saa nane ya jioni kwa hesabu yao, `eight in the evening`. Nimesoma rasimu ambamo msafiri alifika nyumbani saa mbili baada ya kati ya usiku wa Kizungu, na hoja nzima ya ukarimu ikabadilika, kwa sababu kumfungulia mtu mlango wakati jirani wote wako macho si sawa na kuamka usingizini. Angalia kila saa katika tasnifu yako. Ongeza au punguza sita, kisha isome tena sentensi uone kama ina akili.

*Ndugu.* Kiingereza kinataka kujua: kaka, dada, au binamu? Kiswahili hakikusema. Ukiandika kaka, umeongeza habari ambayo mzee hakukupa.

*Mwendo.* Namna ya kutembea, au tabia? Hapa ni tabia, na sentensi ya pili inathibitisha, kwa kuwa yote inayoyataja ni matendo. Uamuzi huu uandike daftarini pamoja na sababu hiyo.

*Hufunguliwa, hulishwa.* Simama hapa kidogo. Kiambishi hu- kinaeleza desturi lakini hakitaji wakati. Mzee alianza na tulikuwa tukimjua, ambayo ni ya zamani, kisha akaingia hu-. Je, desturi hiyo imekwisha, au ipo mpaka leo? Kiswahili kinamruhusu kuacha jambo hilo wazi. Kiingereza hakikuruhusu: lazima useme ilikuwa au iko. Na katika tasnifu ya historia ya Mji wa Kale, tofauti hiyo inaweza kuwa ndiyo hoja yenyewe. Dawa ni kurudi kwa mzee na kumwuliza. Kama huwezi tena kumfikia, sikiliza dakika mbili kabla na mbili baada ya maneno haya, uone alikuwa akizungumzia nyakati zipi. Mimi nimechukua ya zamani kwa sababu sentensi ya kwanza ndiyo inayoshika zamu, lakini nitaitaja nafasi hiyo ya shaka kwenye tanbihi.

*Muungwana.* Neno hili lina tabaka. Katika karne ya 19 lilimtaja mtu huru, asiye mtumwa. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria kwenye mwambao wa Kenya mwaka 1907, na leo watu wengi hulitumia kwa mtu mwenye adabu na mwendo mzuri. Mzee wetu anafanya nini? Anasema muungwana hujulikana kwa mwendo. Huenda anajibu wale wanaosema hujulikana kwa nasaba. Ukilitafsiri kwa neno moja la Kiingereza, lolote lile, unaufunga mlango mmojawapo.

*Heshima.* Ndilo neno ambalo nukuu nzima inalieleza. Ukilitafsiri, unampa msomaji jibu ambalo mzee anajitahidi kulijenga mbele yake.

Lipo pia suala la yeye. Kiambishi a- katika akirudi hakina jinsia. Katika makala yangu ya kwanza nilimfanya mwanamume mtu ambaye mhojiwa alikuwa akimzungumzia, kwa sababu tu kidole kilichapa `he` bila mimi kufikiri. Alikuwa mama mmoja mwenye duka. Niligundua baada ya kuchapishwa, na hakukuwa na namna ya kurekebisha. Tangu siku hiyo, kabla ya kukabidhi kazi yoyote natafuta kila `he` na kila `she` ndani ya tafsiri zangu na kuuliza: nani aliniambia?

Hatua ya 3: Tafsiri mara mbili

Ya kwanza ni ya neno kwa neno, mbaya, isiyosomeka. Usimwonyeshe mtu. Kazi yake ni kukuhakikishia kwamba hakuna kilichodondoka. Ya pili ndiyo utakayoiweka kwenye makala. Hii hapa ya pili:

```
Here in Old Town we used to know a muungwana by their conduct.
When someone's ndugu came back from a journey at eight in the
evening, the door would be opened, the traveller fed, and nothing
asked until morning. That is heshima, not a turban on the head.
```

Tazama neno la msafiri. Mzee hakulitaja, alisema tu hulishwa. Kiingereza kinadai mtendwa aonekane, kwa hiyo nimemtaja. Je, nilitie ndani ya mabano ya mraba? Hapana. Mabano ya mraba ni ya habari uliyoiongeza wewe, si ya kiungo ambacho sarufi ya Kiingereza inakidai. Ukifungia mabano kila kiungo kama hicho, nukuu inakuwa kama nyavu, na msomaji hatambui tena bano lenye uzito.

Mlango nao. Nani aliufungua? Hakusema, nami sikusema. Kauli ya kutendwa kwa Kiswahili mara nyingi humficha mtendaji kwa makusudi au kwa adabu. Walimu wa uandishi wa Kiingereza watakwambia uepuke kauli hiyo. Katika maneno yako, wasikilize. Katika maneno ya mhojiwa, usimtafutie mtendaji ambaye hakumtaja.

Hatua ya 4: Amua maneno yapi yabaki Kiswahili, na machache yanatosha

Katika mistari yangu yamebaki matatu: muungwana, ndugu, heshima. Kwa nukuu fupi kama hii ni mengi tayari. Kipimo changu ni hiki: neno linabaki ikiwa hoja ya makala inalitegemea, au ikiwa kulitafsiri kungeongeza habari ya uongo. Kilemba hakimo katika makundi hayo, ndiyo maana nimekitafsiri. Kama makala yako haizungumzii udugu kabisa, ndugu nalo litafsiri kwa neno pana la jamaa, umalize.

Neno lililobaki liandike kwa herufi za mlazo linapotokea mara ya kwanza, ulieleze hapohapo kwa maneno machache, kisha mtindo wa Chicago unakuruhusu kuliandika kwa herufi za kawaida likiendelea kurudi. Lakini sentensi nzima ya Kiswahili ndani ya alama za kunukuu haipigwi mlazo. Alama zenyewe zinatosha.

Wingi ni waungwana. Usilitie s ya Kiingereza mwishoni. Msomaji asiyejua Kiswahili ataelewa ukimwambia mara moja kwamba umoja ni muungwana na wingi ni waungwana.

Hatua ya 5: Amua Kiswahili kikae wapi

Kuna mahali patatu: ndani ya matini pamoja na Kiingereza, kwenye tanbihi, au kwenye kiambatisho mwishoni.

Ushauri wangu: kama unachambua maneno yenyewe, Kiswahili kitangulie ndani ya matini na Kiingereza kifuate. Kama nukuu ni ushahidi wa jambo lililotokea, Kiingereza kikae ndani ya matini na Kiswahili kiende kwenye tanbihi, ili msomaji asikatishwe. Kama una nukuu hamsini na mtindo wako ni APA, ambao tanbihi ndefu haziupendezi, tengeneza kiambatisho chenye jedwali: namba ya nukuu, Kiswahili, Kiingereza, dakika ya sauti. Jambo ambalo silikubali ni Kiswahili kukosekana kabisa. Msomaji wa Lamu au Dar es Salaam anayejua lugha ana haki ya kukukosoa, na hawezi kukukosoa bila maneno asilia.

Urefu nao una kanuni. APA hutaka nukuu ya maneno 40 au zaidi ijongezwe ndani kama kipande peke yake, bila alama za kunukuu. MLA hujongeza nathari inayozidi mistari minne na ushairi unaozidi mistari mitatu. Chicago husubiri hadi maneno 100 hivi. Sasa hesabu: Kiswahili cha mfano wetu kina maneno 32, Kiingereza chake 48. Neno moja kama tukimjua linakuwa maneno kadhaa ukilifungua. Kwa hiyo amua kwa kuhesabu ile lugha itakayokaa ndani ya matini, na utarajie Kiingereza kitazidi.

Hatua ya 6: Sema tafsiri ni ya nani

Ikiwa zote ni zako, sentensi moja kwenye tanbihi ya kwanza au sehemu ya mbinu inamaliza kazi:

```
All translations from Swahili are mine unless otherwise noted.
```

Baada ya hapo usirudie kwenye kila nukuu. Taja tena tu pale ambapo tafsiri si yako. Kwa MLA, kama huna sentensi hiyo ya jumla, tia `my trans.` ndani ya mabano ya rejeleo.

APA ina jambo lake, na wanafunzi wengi hawaliamini mpaka walione: chanzo kilichochapishwa ukikitafsiri wewe mwenyewe, tafsiri hiyo inahesabiwa kuwa umeeleza kwa maneno yako, si nukuu ya moja kwa moja. Kwa hiyo haitiwi alama za kunukuu, ingawa rejeleo linabaki. Tafsiri iliyochapishwa na mtu mwingine ndiyo inayonukuliwa kwa alama. Kwa maneno ya wahojiwa wako, mwulize msimamizi mapema idara inafanyaje, na uandike utaratibu huo kwenye sehemu ya mbinu.

Kama mtu alikusaidia kutafsiri, mtaje kwa kadiri anavyotaka mwenyewe. Tafsiri ni kazi, na kuificha ni kumdhulumu.

Hivi ndivyo tanbihi ya mfano wetu ingekaa kwa Chicago. Sehemu ya tarehe jaza yako:

```
12. Elder A, interview by author, Old Town, Mombasa, [date],
audio 14:32. "Sisi hapa Mji wa Kale tulikuwa tukimjua muungwana
kwa mwendo wake. [...]" Muungwana: in older usage a freeborn person;
here, one known by conduct. Ndugu: sibling or close kin of either
sex. The hu- forms mark custom without tense; I read them as past.
```

Nimekatisha Kiswahili kwa ajili ya nafasi, wewe weka chote. Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Imemwonyesha msomaji mahali ulipochagua, naye anaweza kuchagua tofauti.

Hatua ya 7: Ukigusa upande mmoja, gusa na wa pili

Umeondoa sentensi ya pili kwenye Kiingereza? Iondoe kwenye Kiswahili, mahali palepale, kwa alama ileile. Umekoleza neno kwa herufi za mlazo ili kulisisitiza? Fanya vivyo hivyo upande wa pili na useme mkazo ni wako, `emphasis added`. Tatizo linakuja siku ya marekebisho: msimamizi anasema fupisha, unafupisha Kiingereza usiku wa manane, Kiswahili kinabaki kirefu kwenye tanbihi, na mtahini anadhani umeficha kitu.

Hatua ya 8: Izuie kompyuta isirekebishe Kiswahili chako

Katika Word, chagua maneno ya Kiswahili, nenda `Review`, kisha `Language`, kisha `Set Proofing Language`. Chagua Kiswahili, au tia alama kwenye `Do not check spelling or grammar`. Bila hivyo programu inaona ni Kiingereza kibovu na inaweza kubadilisha herufi bila kukuuliza. Ukimaliza, linganisha Kiswahili cha makala na kile cha unukuzi, herufi kwa herufi.

Jihadhari na king'ong'o pia. Jarida likitumia alama za kunukuu za mkwaju mmoja, kama yafanyavyo mengi ya Uingereza, ile alama ya ng'ombe au n'likuwa inafanana kabisa na alama ya kufunga nukuu. Omba uruhusiwe mikwaju miwili kwa nukuu za Kiswahili, au zijongeze ndani zisihitaji alama.

Chanzo kikiwa cha maandishi

Hatua ni zilezile, ila kabla ya kutafsiri jiulize maswali mawili.

La kwanza: je, tafsiri ipo tayari? Chukua insha za Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui katika gazeti lake la Sahifa, alilolitoa hapahapa Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mkusanyo wake umetafsiriwa kwa Kiingereza na Kai Kresse na Hassan Mwakimako na kuchapishwa mwaka 2017, Kiswahili na Kiingereza pamoja. Ukitumia tafsiri yao, wataje. Ukibadilisha neno, sema umebadilisha, `translation modified`, na ueleze neno gani. Ukitafsiri upya, sema kwa nini. Kuchukua nusu yao na nusu yako kimyakimya ni wizi.

La pili: je, haya maneno yalikuwa Kiswahili tangu mwanzo? Ukikuta kwenye gazeti la Kiswahili maneno ya mtu aliyehutubia kwa Kiingereza, usiyatafsiri kuyarudisha kwa Kiingereza na kuyatia alama za kunukuu. Tafuta hotuba yenyewe. Vivyo hivyo Katiba ya Kenya ya 2010: kifungu cha 7 kinachotaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa kina matini ya Kiingereza, ichukue hiyo. Lakini mwanachuoni akinukuu aya ya Kurani kwa Kiswahili chake, na wewe unachunguza mawazo yake, tafsiri Kiswahili chake, kwa sababu namna alivyoigeuza Kiarabu ndiyo unayoitafuta. Eleza tu kwamba ni tafsiri ya tafsiri.

Ushairi wa kale una mkono mwingine tena katikati. Beti za Muyaka bin Haji wa Mvita zilikusanywa na mmishonari William Taylor akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, zikiwa kwa hati ya Kiarabu, na William Hichens akazichapisha kwa herufi za Kirumi mwaka 1940. Hati ile ya zamani haikutofautisha vizuri e na i, wala o na u, kwa hiyo aliyeigeuza kuwa Kirumi alikwisha kuchagua kabla yako. Taja toleo unalolitumia. Ukiweka ubeti ndani ya sentensi, tenga mistari kwa mkwaju `/`, na usijaribu kuhifadhi mizani 16 ya mshororo kwa Kiingereza ikiwa hoja yako ni maana. Mtafsiri anayehangaikia vina mara nyingi huishia kuongeza maneno ambayo Muyaka hakuyatamka.

Jina la kitabu liache kwa Kiswahili, tafsiri yake ifuate ndani ya mabano ya mraba bila mlazo:

```
Diwani ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy [The collected poems of
Muyaka bin Haji al-Ghassaniy]
```

Ukikwama

*Msimamizi hajui Kiswahili na anataka Kiswahili chote kiondolewe.* Kihamishie kwenye kiambatisho badala ya kukifuta, na umwonyeshe tanbihi moja ya mfano. Wengi hukubali wakiona kwamba matini hayajazibwa.

*Idadi ya maneno imezidi.* Uliza kama tanbihi na viambatisho vinahesabiwa. Kama vinahesabiwa, punguza idadi ya nukuu. Nukuu tatu kamili zina nguvu kuliko kumi zilizokatwa mikono.

*Mzee amechanganya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza katika sentensi moja.* Neno la Kiingereza alilolitamka mwenyewe liache na uonyeshe kwamba ni lake, kwa mlazo ndani ya tafsiri, kisha ueleze mara moja kwenye tanbihi. Usipolionyesha, litazama ndani ya Kiingereza chako na ushahidi wa uchanganyaji utapotea.

*Wasomaji wawili wa Kimvita wamenipa maana mbili za neno moja.* Rudi kwa mzee kama yupo. Msomee Kiswahili chake, si tafsiri, na umwombe akueleze neno hilo kwa mfano mwingine. Kama hayupo, weka maana inayooana na sentensi zinazolizunguka, na ile ya pili iweke kwenye tanbihi.

*Nimesoma tafsiri yangu na mzee anasikika kama mtu wa ofisini.* Sikiliza sauti tena. Pengine umegeuza sentensi zake fupi kuwa moja ndefu yenye viunganishi. Mzee wetu alimaliza kwa maneno sita. Mpe Kiingereza kifupi vilevile, nukta pale alipotua.

*Mhojiwa alikubali kunukuliwa, kisha anasikia amechapishwa kwa Kiingereza asichokijua.* Hili linazuiwa siku ya kwanza. Katika maelezo ya ridhaa, mwambie kwa Kiswahili kwamba maneno yake yatatafsiriwa, yatasomwa nje, na Kiswahili chake kitawekwa pamoja na tafsiri. Nimeona wazee wakitikisa kichwa kwa furaha wakisikia hilo la mwisho, na mmoja akaomba kusikilizishwa tena aliyoyasema, akarekebisha neno moja. Rekebisho hilo liingize, na tarehe yake uiandike.